Mdalasini wa Mwenye Sukari: Upi wa Kununua Mombasa, na Kiasi Gani kwa Siku

Msomaji mmoja wa Kisauni ameniandikia akilalamika. Mama yake ana kisukari, na kwa miezi sasa amekuwa akikoroga kijiko cha chai cha unga wa mdalasini kwenye maji moto kila asubuhi, na kingine usiku kabla ya kulala. Unga aliuziwa kwenye duka la dawa za asili, mkebe umeandikwa "mdalasini safi wa sukari", na bei yake ni ya kushtua. Alipokwenda kliniki, vipimo vya ini vikaonekana vimepanda, na daktari akauliza anatumia nini zaidi ya vidonge. "Dadangu," msomaji akaniuliza, "kwani mdalasini unaweza kumuumiza mtu?"

Unaweza, ukiwa si ule unaofaa na ukatumiwa kila siku. Kwa hivyo hapa sitazungumzia harufu wala utamu. Nataka tuangalie kitu kimoja tu ambacho muuzaji hakwambii: kumarini.

Kumarini ni kemikali ya asili iliyomo ndani ya gome la mdalasini. Watu wengi huihimili, lakini wapo wachache ambao ini lao huumia hata kwa kiasi kidogo, na mtu hajijui kama ni mmoja wao mpaka aumie. Kwa kawaida ini hupona akiacha kuitumia. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya imeweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Mtu wa kilo 60, basi, kikomo chake ni miligramu 6.

Sasa mdalasini si mmoja. Ule wa Sri Lanka, Silani ya wazee wetu, una kumarini kidogo sana: takriban miligramu 0.02 katika gramu moja. Kasia, yaani ule wa Kichina pamoja na ndugu zake wa Indonesia na Vietnam, una wastani wa miligramu 3 hivi katika gramu hiyo hiyo, na wa Vietnam mara nyingi huzidi hapo.

Tumpigie hesabu mama wa Kisauni, tuseme ana kilo 60. Kijiko cha chai cha unga kina kama gramu 2.5, kwa hivyo vijiko viwili ni gramu 5. Ikiwa mkebe wake ni kasia, kila siku anameza miligramu 15 za kumarini, mara mbili na nusu ya kikomo chake. Gramu hizo hizo 5 zingekuwa za Silani, angepata miligramu 0.1 tu. Kijiko ni kile kile na maji ni yale yale.

Ninaoupa nafasi ya kwanza bila kusita ni wa Silani wa vijiti, na hasa pakiti yenye alama ya Pure Ceylon Cinnamon, ambayo Sri Lanka yenyewe huwapa wauzaji wake wa nje. Naupendelea na sifichi. Ukikosa alama, tazama kijiti chenyewe. Mwisho wake utaona tabaka nyingi nyembamba kama karatasi, zimekunjwa moja ndani ya nyingine na kujaa mpaka katikati. Rangi ni ya hudhurungi hafifu. Ukikibana kwa vidole kinavunjika na kuchanguka. Kasia ni gome moja nene, gumu, jekundu-jekundu, limejikunja kutoka pande zote mbili kuelekea katikati na kuacha uwazi. Huwezi kulivunja kwa vidole, na mashine ndogo ya kusagia ya nyumbani hulia likiingia.

Wa pili ni wa Unguja na Pemba. Mti uliopandwa visiwani kwa kawaida ni jamii ile ile ya Silani, lakini gome lake mara nyingi huuzwa likiwa nene, halikuparwa vizuri, kwa hivyo usiukatae kwa unene peke yake. Tatizo ni kwamba sokoni huchanganywa na kasia kwenye gunia moja. Nunua kwa mtu anayejua ulikotoka, na chagua kipande kwa kipande.

Kasia ya vijiti, ile ya bei rahisi, ni ya pilau. Kijiti kimoja kwenye sufuria ya watu wengi, siku ya Idi au harusi, hakina neno; kikomo kile ni cha matumizi ya kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Unga uliokwisha kusagwa nauweka mwisho kabisa, uwe wa bei gani. Ukishasagwa, zile tabaka hazionekani tena, na rangi hubadilika kwa namna ulivyokaushwa. Hapa ndipo hasira zangu zilipo. Pale Marikiti nilimwuliza muuzaji mmoja unga wake umetoka wapi, akaniambia, "Mama, mdalasini ni mdalasini." Kasia hiyo hiyo ya pilau inasagwa, inatiwa kwenye mkebe wenye picha ya kipima sukari, na bei inapandishwa mara kadhaa kwa sababu anayeinunua ni mgonjwa mwenye hofu. Kama wanaweza kuchapisha picha, wanaweza pia kuchapisha nchi na jina la mti. Asiyeandika Cinnamomum verum, jina la kitaalamu la mti wa Silani, kwenye mkebe, mimi simpi pesa yangu.

Tuje kwenye kiasi. Kama huna budi kutumia kasia, gawanya kilo zako kwa 30, upate gramu za juu kabisa kwa siku: mwenye kilo 60 ni gramu 2, mwenye kilo 45 ni gramu 1.5. Lakini huo ni wastani tu. Hata magome ya mti mmoja wa kasia hutofautiana sana, kwa hivyo mimi husema usipite nusu kijiko cha chai, na mwenye ugonjwa wa ini asiuguse. Wa Silani, nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kwa siku kinatosha. Ukichemsha kijiti kwenye chai, sehemu tu ya kumarini huingia majini. Ukimeza unga, unameza yote.

Na usitarajie makubwa. Mwaka 2003 utafiti wa Pakistan uliwapa watu gramu 1 hadi 6 kwa siku 40 na sukari yao ikashuka, lakini tafiti zilizofuata zimepishana, na Chama cha Kisukari cha Marekani hakiupendekezi kama tiba. Metformini haiachwi kwa ajili ya mdalasini. Anayetumia glibenklamidi au insulini apime sukari mara nyingi zaidi anapouanza, maana ikishuka kupita kiasi atatokwa na jasho, atatetemeka na kusikia njaa ya ghafla. Anayemeza dawa za kifua kikuu, za kolesteroli au warfarini amwambie daktari kabla ya kijiko cha kwanza. Macho yakigeuka manjano, mkojo ukawa kama chai ya rangi, au upande wa kulia chini ya mbavu ukauma, acha siku hiyo hiyo uende hospitali, na uuchukue mkebe uende nao.