Barua kwa meneja wa hoteli: harufu ya uvundo chumbani na ombi la kurejeshewa fedha

Meneja wa Hoteli,
Mtwara Mjini.

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA SHILINGI 237,500 NILIZOLIPIA CHUMBA NAMBA 14

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilifika hotelini kwenu mwezi Machi mwaka huu nikitokea Newala kwa kikao cha kazi, nikapewa chumba namba 14 kilichopo ghorofa ya chini, upande unaotazama bahari. Nililipa mapokezi shilingi 285,000 kwa siku tatu, yaani shilingi 95,000 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa, na nikapewa risiti ya EFD ambayo nakala yake nimeiambatisha. Katika siku hizo tatu nililala sehemu tu ya usiku wa kwanza. Asubuhi yake nilikabidhi ufunguo na kuhamia mahali pengine, kwa sababu chumba kilikuwa na harufu kali ya uvundo ambayo haikuondoka kwa njia yoyote iliyojaribiwa.

Kabla ya safari nilipiga simu mapokezi na kueleza kwamba nina pumu, kwamba siwezi kulala mahali penye unyevunyevu, na kwamba kama vyumba vya chini vina tatizo hilo wakati huu wa mvua nielezwe mapema nitafute kwingine. Nilijibiwa kwamba vyumba vyote ni vikavu na vina kiyoyozi. Nilikubali bei yenu kwa kutegemea jibu hilo, na ndiyo maana nalitaja mwanzoni.

Nilipofunguliwa mlango jioni ile, kilichonipokea kilikuwa manukato. Chumba kilikuwa kimepuliziwa dawa ya harufu nzuri muda mfupi uliopita, na kiyoyozi kilikuwa kimewashwa kwa baridi kali, kwa hiyo sikugundua jambo lolote isipokuwa uzito fulani wa hewa. Nilitoka kwenda kula. Niliporudi umeme wa chumba ulikuwa umezimwa kwenye swichi ya mlangoni, manukato yalikuwa yamekwisha, na harufu yenyewe ilikuwa imejaa chumba kizima, harufu ya nguo zilizofungiwa zikiwa mbichi.

Kazi yangu ni kusimamia ghala la korosho la chama cha ushirika, na harufu hiyo naijua vizuri. Ghalani hatupangi magunia yakagusa ukuta wala sakafu. Tunayaweka juu ya chaga na kuacha nafasi ya mtu kupita, kwa sababu gunia linaloegemea ukuta baridi hunyonya unyevu kwa nyuma, na kwa mbele utaliona zima hadi siku utakapolivuta na kukuta kuvu. Kwa hiyo niliwasha tena kiyoyozi na kusubiri. Kama uvundo ungekuwa unatoka kwenye mashine pekee, kwa sababu ya chujio chafu, kwa kawaida ungetoka kwa nguvu katika dakika za mwanzo kisha upungue. Haukupungua. Nilikizima kabisa, nikafungua dirisha kwa muda, nikalifunga, na baada ya muda mfupi harufu ikarudi ilivyokuwa. Ndipo nilipofungua kabati la nguo, na humo ilikuwa kali zaidi kuliko mahali pengine popote chumbani. Blanketi la ziada lililokuwa kwenye rafu ya chini lilikuwa na ubaridi wa kitu ambacho hakijakauka.

Kabati hilo limesimama likigusa ukuta wa nje, chini ya kiyoyozi. Nilimwita mhudumu wa zamu, tukalivuta pamoja kiasi cha mkono kupita. Nyuma yake rangi ya ukuta ilikuwa imetutumka na kubabuka kuanzia usawa wa bega hadi sakafuni, plasta ilikuwa laini ukiigusa kwa kucha, na ubao mwembamba wa mgongo wa kabati ulikuwa na madoa meusi yaliyotapakaa ambayo yaliacha unga kidoleni. Nilipiga picha nne, nazo nimeziambatisha. Mhudumu aliniambia kwa unyoofu, "Mama, chumba hiki kikikaa siku mbili bila mgeni ndivyo kinavyokuwa." Naomba sana asije akaadhibiwa kwa maneno hayo. Alikuwa mtu pekee usiku ule aliyenieleza ukweli, na ukweli wake unawasaidia ninyi kuliko unavyonisaidia mimi.

Niliomba kubadilishiwa chumba, nikaambiwa hoteli imejaa washiriki wa semina. Nilichopewa ni kupuliziwa manukato mara ya pili, jambo ambalo kwa mwenye pumu ni kuongeza taabu juu ya taabu, kwa kuwa kifua kinachokerwa na kuvu hukerwa pia na dawa hizo. Kufikia saa nane usiku nilikuwa nakohoa na macho yananiwasha. Nilitumia dawa yangu ya kuvuta, nikatoka na kukaa kwenye kiti cha barazani hadi alfajiri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 unaohusu unyevu na kuvu ndani ya majengo, na kukohoa, kifua kutoa mlio wakati wa kupumua na pumu kuzidi ni miongoni mwa madhara yanayotajwa humo. Kwa hiyo lalamiko langu linahusu afya, na sipendi lichukuliwe kuwa ni la mgeni mchaguzi.

Asubuhi fundi wenu alikuja, na nashukuru kwamba alifanya kazi yake mbele yangu. Alifungua kiyoyozi, akakuta trei ya kukusanyia maji imejaa hadi ukingoni, na bomba dogo la kuyatoa nje limezibwa na utelezi. Alieleza kwamba kiyoyozi kikipoza hewa ya pwani, ambayo msimu huu imejaa unyevu, kinatoa maji mengi kwa siku moja; bomba likiziba, au likilazwa bila mteremko wa kutosha, maji hayo hufurika nyuma ya mashine na kuteremka ukutani. Alilizibua kwa kupuliza, kisha akapangusa madoa kwa maji yenye klorini. Baada ya saa moja harufu ya klorini ilianza kupungua na ile ya uvundo ikabaki pale pale.

Hilo halikunishangaza, na naliandika kwa kirefu kwa sababu nisingependa mgeni mwingine apangishwe chumba hicho kwa kudhani kimeshatengenezwa. Klorini inang'arisha doa la juu, lakini plasta na ubao vimenyonya maji hadi ndani, na kuvu itaendelea kuota maadamu huko ndani kuna unyevu. Kupaka rangi mpya juu yake kutaficha alama kwa wiki kadhaa, kisha rangi itatutumka tena. Kinachotakiwa ni kuondoa kabati na kubadilisha ubao wake wa mgongo, kukwangua plasta iliyolainika hadi mtu afike palipo pakavu, kulaza upya bomba la maji kwa mteremko, na kuacha ukuta ukauke kabisa kabla ya kupiga plasta na rangi. Ukauke kweli, na katika miezi hii ya mvua hapa Mtwara hilo halitamalizika kwa siku mbili. Godoro nalo likaguliwe upande wa ukutani, kwa kuwa sponji iliyovunda hairudi kuwa nzima hata ikianikwa juani. Na kabati likirudishwa, lisigusishwe tena na ukuta wa nje: hata bomba likiwa zima, hewa iliyonaswa kati ya kabati na ukuta unaopozwa usiku kucha hutoa majimaji, na upepo haufiki kuyakausha.

Sasa nakuja kwenye fedha. Nilipoomba kurejeshewa, mapokezi walinionyesha tangazo lililobandikwa ukutani kwamba fedha ikishalipwa hairudishwi, kisha wakanipa ahadi ya punguzo la asilimia 10 nitakapokuja tena. Tangazo la namna hiyo naliheshimu linapomhusu mgeni aliyebadilisha mawazo au aliyekatisha safari kwa sababu zake mwenyewe, kwa kuwa chumba chake kilikuwepo na mngeweza kumpa mwingine. Mimi sikubadilisha mawazo. Nililipia chumba kikavu cha kulala baada ya kuuliza na kuhakikishiwa, na nilichopewa hakikuwa hicho. Punguzo la siku zijazo nalo haliwezi kuwa fidia, maana linanitaka nilipe tena kwanza ili nipate haki ya malipo ya nyuma.

Hesabu yangu nimeifanya kwa kujaribu kuwatendea haki pande zote mbili. Siku mbili ambazo sikulala kabisa naomba zirejeshwe zote, yaani shilingi 190,000. Kwa usiku wa kwanza naomba nusu, shilingi 47,500, kwa sababu nilitumia bafu, mizigo yangu ilihifadhiwa salama na nilikula kifungua kinywa, ambacho kwa kweli kilikuwa kizuri. Jumla ni shilingi 237,500. Sikuweka gharama ya nyumba ya wageni niliyohamia wala nauli ya bajaji, ingawa zote mbili nilizilipa kwa sababu ya chumba hicho.

Fedha hiyo inaweza kutumwa kwa namba ya simu niliyoiandika kwenye kitabu chenu cha wageni, ambayo imesajiliwa kwa jina lilelile lililo kwenye risiti. Naomba nipate malipo, au maelezo ya maandishi ya kwa nini hamkubaliani nami, ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Kama kuna sehemu ya hesabu mnayoiona si sahihi, nipo tayari kuzungumza kwa simu na kusikiliza. Muda huo ukipita kimya, nitawasilisha lalamiko pamoja na risiti na picha kwa Tume ya Ushindani, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ndiyo yenye jukumu la kumlinda mlaji anayepewa maelezo yasiyo ya kweli kuhusu huduma anayoilipia. Ningependelea tumalizane wenyewe, kwa kuwa kazi itanirudisha Mtwara msimu wa korosho utakapofunguliwa na hoteli yenu ndiyo iliyo karibu zaidi na ofisi ninayofikia.

Nimeambatisha nakala ya risiti, picha nne za ukuta na kabati, na karatasi ya kukabidhi ufunguo iliyosainiwa mapokezi.

Wako katika kulisubiri jibu,

Mgeni wa chumba namba 14