Kibodi ya herufi kubwa ilimkuzia Mama maneno, ikamwachia emoji ndogo vilevile: uzoefu wangu

Sikukusudia kuandika chochote kuhusu programu hii. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiisifu kwa kila mwenye mzazi mzee, kwa sababu Mama, ambaye amepita miaka 70 na ambaye miwani yake haimsaidii tena kwenye vitufe vidogo, aliweza kuandika ujumbe mzima bila kuniita. Herufi zake ni nene, zimeachana vya kutosha, na rangi ya kitufe inatofautiana waziwazi na rangi ya herufi iliyo juu yake. Kama ningeandika maoni haya wakati ule, ningeipa nyota zote tano.

Kisha rafiki wa Mama wa siku nyingi akafiwa na mume wake. Mama alikaa, akaandika kwa utulivu: «Pole sana rafiki yangu, Mungu akutie nguvu», na mwishoni akaweka nyuso tatu. Aliamini ameweka uso unaolia. Ujumbe uliofika ulikuwa na 😂😂😂. Rafiki yake hakujibu siku ile wala siku zilizofuata, na Mama hakujua sababu mpaka binti wa yule rafiki aliponipigia simu kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyejizuia sana, kama mama yangu yu mzima wa akili. Nilipomwonyesha Mama kile alichotuma, nikikikuza kwa vidole viwili ndani ya picha ya skrini, alisema tu: «Lakini mwanangu, mimi nilimwekea uso unaolia.» Halafu akaiweka simu chini.

Niliwaandikia watengenezaji wa kibodi hiyo, ambayo tunailipia, nikaeleza jambo hili kwa adabu na kwa kirefu. Nilijibiwa kwa sentensi mbili. Ya kwanza ilisema kwamba programu yao inafanya kazi kama ilivyokusudiwa. Ya pili ilisema kwamba tatizo ni umri wa mtumiaji, na kwamba ni afadhali mzee ashauriwe kutumia maneno peke yake. Nimeisoma sentensi hiyo ya pili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, na sehemu kubwa ya ninayoyaandika hapa inatokana nayo, kwa sababu si kweli kwamba tatizo ni umri. Nilikaa na simu ya Mama jioni kadhaa, nikiwa na rula, nikaona kosa linatoka wapi.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba mpangilio wa maandishi makubwa hukuza kile mzee anachokisoma, wala haugusi kile anachopaswa kukibonyeza. Kwenye simu yake ya Android nilikuwa nimeshaivuta `Font size` mpaka mwisho. Maneno ya ujumbe yalikua, majina ya watu yalikua, lakini nilipofungua ukurasa wa emoji wa kibodi ile, nyuso zilikuwa na ukubwa uleule wa zamani. Kwa nini? Kwa sababu ukurasa ule umepangwa kwa idadi maalumu ya emoji katika kila mstari, nazo ni tisa, na skrini yenye upana wa karibu milimita 65 ikigawanywa kwa tisa, kila uso unapata milimita saba na kidogo. Mwongozo wa Android wenyewe huwashauri watengenezaji wa programu kwamba kitu cha kuguswa kisipungue kipimo cha 48 dp, yaani karibu milimita tisa. Hivyo kibodi inayouzwa kwa jina la wazee ilitoa herufi zinazozidi kipimo hicho, kisha, mtumiaji anapobonyeza kitufe cha uso wa kutabasamu, ikamtupa kwenye ukurasa ambao haufiki hata kipimo cha mtu wa kawaida.

Nilijaribu pia `Display size`, ambayo hukuza vitu vyote vya skrini pamoja na vitufe, nikitarajia kwamba hiyo ndiyo dawa. Katika kibodi hii, safu zilibaki tisa, kwa hiyo hakuna kilichopata nafasi zaidi. Yeyote anayetaka kuijaribu kibodi ya mzazi wake anaweza kufanya hivi kabla ya kulipa: ahesabu emoji za mstari mmoja, aongeze ukubwa wa skrini, ahesabu tena. Kama idadi ni ileile, ajue kwamba ukurasa huo haukukuzwa.

Hata hivyo, udogo peke yake haukutosha kueleza kosa la Mama, kwani macho yake huweza kutofautisha uso mmoja na mwingine akiisogeza simu karibu. Nilimwomba anionyeshe jinsi anavyochagua. Hakutafuta kwa kuangalia uso. Alifungua sehemu ya emoji zilizotumika karibuni na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye nafasi ya tatu. Ndipo nikaelewa. Mama alikuwa amekariri mahali, kama mtu anavyojua swichi ya taa ilipo gizani. Lakini sehemu ile hujipanga upya kila emoji inapotumika: iliyotumwa mwisho huja mbele na nyingine husogea. Siku chache kabla ya msiba, wajukuu walikuwa wamemchekesha naye akawajibu kwa 😂 mara nyingi, basi uso huo ukapanda na kuchukua nafasi ya 😭, uso ambao alikuwa ameuzoea. Nyuso hizi mbili zote ni za njano, zote zina macho yaliyofumbwa, mdomo uliofunguka na machozi ya buluu. Kwenye milimita saba, tofauti iliyobaki ni mahali machozi yanapotokea na umbo la mdomo. Kijana mwenye macho mazima huwahi kuzichanganya pia, ila yeye hugundua kosa kabla ya kutuma.

Mama hakugundua kwa sababu emoji ikiwa ndani ya maneno huonyeshwa kwa ukubwa wa maneno. Tangu hapo nimemzoesha kitu kimoja kidogo ambacho kimetusaidia kuliko mipangilio mingi: maneno ya pole yaende kwanza, kisha emoji iende peke yake katika ujumbe wa pili. Kwenye WhatsApp emoji iliyotumwa pekee bila maneno huonekana kubwa, naye akiona amekosea huifuta kwa kila mtu papo hapo. Ni njia ya kugundua kosa baada ya kutokea, si ya kulizuia, na ninakubali hilo.

Cha kulizuia nilikipata kwenye kibodi ya Gboard, isiyolipiwa chochote, na hapo hasira yangu iliongezeka badala ya kupungua. Katika mipangilio yake kuna `Dictionary`, ndani yake `Personal dictionary`, kisha unachagua lugha na kubonyeza alama ya kujumlisha. Panatokea nafasi mbili: katika nafasi ya neno niliweka 😭, na katika nafasi ya mkato niliandika pole. Sasa Mama akiandika pole, uso ule hujitokeza katika mstari wa mapendekezo juu ya herufi, ambako mara nyingi hukaa mapendekezo matatu tu, hivyo kila moja lina upana wa karibu theluthi ya skrini. Kutoka milimita saba hadi zaidi ya 20. Zaidi ya hayo, Mama haendi tena kutafuta mahali, bali anaandika neno analolijua, na emoji ndiyo inayomfuata. Nilimwekea tano tu: pole, asante, hongera, cheka na dua. Nilianza na kumi na mbili, akazisahau, nikazipunguza.

Mwenye iPhone atapata kitu cha namna hiyo kwenye `Settings`, `General`, `Keyboard`, `Text Replacement`, lakini aangalie tofauti moja. Huko mkato hubadilishwa wenyewe mara nafasi inapobonyezwa, kwa hiyo ukiweka pole kama mkato, mzee hataweza kwa urahisi kuandika neno hilo bila kugeuziwa uso. Shangazi yangu nilimwekea ppole, yenye p mbili, naye amezoea.

Palibaki tatizo la mikono. Emoji ya 🙏, ambayo Mama huipenda kuliko zote, kila mara ilimfungulia kisanduku cha rangi za ngozi badala ya kuingia katika ujumbe, kwa sababu kidole chake hukaa juu ya skrini muda mrefu kidogo na simu hudhani ameibonyeza kwa kuishikilia. Nyuso za njano hazina kisanduku hicho, ndiyo maana alilalamika kuhusu mikono tu na mimi nikadhani anakosea kwa kusahau. Katika mipangilio ya ufikivu wa simu kuna `Touch & hold delay`. Nilipoiweka kwenye kiwango kirefu zaidi, kisanduku kiliacha kujitokeza isipokuwa siku mkono wake unapotetemeka sana.

Ningependa kumalizia kwa kusema kwamba programu ile ifutwe na kila mtu, na wiki moja iliyopita ndivyo nilivyokuwa nimeandika. Lakini Mama ameniomba nimrudishie. Anasema herufi za Gboard, hata nilipopandisha `Keyboard height` hadi kiwango cha juu kabisa, ni nyembamba kwake na anachanganya i na l jioni. Nimepima, naye ana haki: kibodi ile inaandika herufi bora kuliko yoyote niliyoijaribu. Waliweza kufikiria kwa makini hivyo kuhusu jicho la mzee linaposoma herufi i, kisha wakamwambia mtoto wake kwamba mzee huyohuyo aachane na emoji. Kwa hiyo sasa zipo zote mbili katika simu yake. Anaandika kwa ile ya kulipia, na anapotaka uso hubonyeza alama ndogo ya kibodi iliyo chini ya skrini na kuhamia kwenye nyingine, hatua ambayo imemchukua siku nyingi kuizoea na ambayo hakupaswa kuihitaji.

Nyota mbili, basi. Asubuhi nilikuwa nimeweka moja, nikaiongeza kwa ajili ya herufi, na nikiisoma tena ile sentensi yao ya pili huenda nikaiondoa. Rafiki wa Mama amekwisha kuelezwa yaliyotokea. Jana alimtumia Mama ujumbe wa sauti, na Mama akaandika pole, akasubiri uso utokeze, akauangalia kwa muda kabla ya kuugusa.