Oksitosini au misoprostoli mama anapovuja damu?

Mtahini akieleza kuwa mama aliyechoshwa na uchungu pingamizi amejifungua, kondo la nyuma limetoka lote, damu inavuja na mji wa mimba umelegea, mwanafunzi wa ukunga aanze kwa kuukanda mji huo na kuomba msaada, kisha ataje dawa ya kuukaza.

Oksitosini ndiyo chaguo la kwanza: uniti 10 kwa sindano ya msuli hufanya kazi ndani ya dakika chache, na dripu yake hufuata. Udhaifu wake ni joto, kwani huhitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8. Misoprostoli, mikrogramu 800 chini ya ulimi, haihitaji jokofu wala sindano, ila huchelewa kidogo na huleta kutetemeka na homa, ambayo baada ya uchungu mrefu hufanana mno na maambukizi. Ningeichagua pale tu oksitosini inapokosekana au inaposhindwa.

Mji ukiwa mgumu na damu bado inatiririka, dawa zote mbili hazitoshi: chunguza kuchanika kwa shingo ya kizazi, au kupasuka kwa mji wenyewe.