Ununue mashine gani ya xrdp Mwanza? Naanza na laptopu ya kioo kilichopasuka

Mfanyabiashara mmoja wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba, aliniomba nimtafutie mashine moja ya Linux ambayo makarani wake watatu wangeifanyia hesabu kwa wakati mmoja, kila mmoja akiwa kwenye kikompyuta chake chakavu cha Windows. Alikuwa ameshatenga hela ya monita kubwa. Nikamwambia hela hiyo aiongeze kwenye RAM.

Ukiifahamu xrdp, programu inayomruhusu mtu aingie kwenye mashine ya Linux akiwa kwenye kompyuta nyingine, utaona kwa nini. Karani akiingia kupitia Remote Desktop Connection ya Windows, xrdp haimwonyeshi kilichopo kwenye kioo cha mashine. Inamwashia dawati jipya la kwake peke yake, linalochorwa ndani ya kumbukumbu tu. Wakiingia watatu, yapo madawati matatu, na kioo cha mashine hata kiwe kimezimwa hakuna anayekihitaji. Kushiriki kioo, kwa mfano kwa x11vnc, ni kazi nyingine: wewe na aliyekaa mbele ya mashine mnaona kitu kilekile na mnagombea mshale mmoja. Ukitaka kujua uko wapi, fungua terminali uandike `echo $DISPLAY`. Sesheni ya kwanza ya xrdp huwa `:10.0`. Kioo chenyewe kwa kawaida ni `:0` au `:1`.

Ndiyo maana namba moja kwangu ni laptopu iliyotumika yenye kioo kibovu. Kioo kikipasuka bei hushuka, na wewe unapunguziwa kwa kitu usichokihitaji. Tena betri yake inakusaidia umeme ukikatika. Kompyuta za makarani zitazimika, lakini sesheni zao zitabaki hai kwenye laptopu. Umeme ukirudi, karani anaingia tena kwa jina lilelile na kukuta jedwali lake liko wazi pale alipoliacha. Kwa watu watatu tafuta RAM ya GB 16, kwa sababu kila mmoja atafungua kivinjari chake, na kivinjari ndicho mlaji. GB 8 itatosha wakijibana. Diski iwe SSD.

Dukani, ichomeke kwenye monita ya muuzaji kwa waya wa HDMI, iwashe kwa flashi ya Ubuntu, kisha chomoa chaji. Ikizima papo hapo, betri imekufa na umepoteza nusu ya sababu ya kuinunua. Ikidumu nusu saa huku kivinjari kikiwa wazi, chukua.

Nyumbani unaazima monita mara moja tu ya kusakinisha, halafu:

```
sudo apt install xfce4 xrdp
sudo adduser xrdp ssl-cert
```

Kila karani awe na akaunti yake, na ndani ya akaunti hiyo aandike:

```
echo xfce4-session > ~/.xsession
```

Kisha kwenye `/etc/systemd/logind.conf` weka `HandleLidSwitch=ignore`, uwashe mashine upya. Usipofanya hivyo, siku utakapofunga kifuniko mashine italala na makarani wote watatu watatupwa nje.

Namba mbili ni kompyuta ndogo ya mezani iliyotumika. Kuiongezea RAM ni rahisi na haichemki upesi, ila bila UPS kila umeme ukikatika sesheni zote zinakufa. Namba tatu ni Raspberry Pi ya GB 8: inakula umeme kidogo, lakini RAM yake haiongezeki. Inamfaa mtu mmoja. Ya mwisho, kwa ofisi kama hii, ni seva ya kukodi mtandaoni. Mashine ikiwa humo ofisini, makarani wanaendelea kuchapa hata bando likiisha. Ikiwa ng'ambo, kazi inasimama. Wenye ofisi mbili, mfano Mwanza na Bukoba, wanaweza kuipandisha nafasi, ila mlango wa xrdp, yaani 3389, usiachwe wazi kwa dunia nzima; upitisheni ndani ya SSH.

Tatizo moja litakupata mapema. Mimi lilinila jioni nzima: unaweka nywila sahihi, kinatokea kioo cheusi, kisha unatupwa nje. Nililaumu waya, kumbe jina lilelile lilikuwa bado limeingia kwenye mashine yenyewe tangu wakati wa kusakinisha, na madawati mawili ya mtu mmoja hayakuelewana. Andika `loginctl list-sessions`. Ukiona jina lako mbele ya `seat0`, toka kwenye mashine kwanza, halafu uingie kwa xrdp.

Yule bosi wa Mwaloni aliniuliza pia kama ataweza kumtazama karani anavyoingiza magunia. Kwa xrdp hataweza. Akiingia kwa jina lake atapewa dawati lake tupu. Anayetaka kuona kioo cha mwenzake, au kumfundisha mtu kwa mbali, anunue mashine yenye kioo kizima na aweke x11vnc.