Kuogesha Mbwa au Paka Bafuni: Chujio Lipi la Manyoya na Mkeka Upi wa Kununua

Katika mabafu mengi ya nyumba zetu maji humwagika juu ya marumaru na kuteremkia kwenye tundu la sakafuni, ambalo kifuniko chake kina matundu mapana yasiyozuia manyoya. Chini ya vifuniko vingi huwa kuna kikombe kilichopinduliwa, ambacho ukingo wake hukaa ndani ya maji ili harufu na mende visipande. Manyoya yaliyochanganyika na sabuni hukwama hapo kwanza, na wenye nyumba wengi, wakichoka kukisafisha kikombe hicho, hukitoa na kukitupa, kisha wakashangaa bafu linanuka.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda dukani, inua kifuniko uone kama kikombe kipo, kisha upime upana wa sehemu yenye matundu. Tuseme sehemu hiyo ina sentimita 8: tafuta chujio ambalo ukingo wake una sentimita 10 au zaidi, ili likae juu ya marumaru bila kuacha mwanya.

Nafasi ya kwanza naipa bakuli la wavu laini wa chuma kisichoshika kutu, la aina inayowekwa kwenye sinki la jikoni. Wavu wake huzuia hata manyoya mafupi ya ndani, ambayo ndiyo mengi zaidi kwa mbwa wa manyoya mazito. Pale ambapo kikombe kinalizuia bakuli lisiingie tunduni, lipindue juu ya kifuniko kama kawa na uweke jiwe safi juu yake. Maji yatapita ubavuni na manyoya yatajikusanya pembeni, mahali unapoyaona. Kasoro yake ni kwamba huziba haraka. Kwa mbwa wa kilo 30 hulazimika kulifuta mara tatu au nne katika uogeshaji mmoja, na dalili ya kwamba muda umefika ni maji kuanza kutuama miguuni pake.

Nafasi ya pili ni kifuniko bapa cha silikoni. Hakiteleziki kirahisi, hupitisha maji kwa kasi na kinatosha kwa mbwa mwenye manyoya marefu, lakini manyoya mafupi hupenya matundu yake. Aidha, kikikaa juu ya mfereji wa saruji uliopo kati ya marumaru mbili, huacha njia pembeni. Ya tatu ni ile mirija yenye matundu inayochomekwa ndani ya bomba: hufaa nywele ndefu za binadamu, ila hapa huwezi kuona imejaa kiasi gani, na penye kikombe haiingii kabisa. Vibandiko vya kutupa sivipendekezi, kwa kuwa gundi yake huachia sabuni inapopita chini yake.

Chujio lolote utakalonunua, mchane mnyama akiwa mkavu, nje ya bafu, kwa muda usiopungua dakika 10. Sehemu kubwa ya manyoya yaliyokwisha kung'oka huishia kwenye kitana, na mafundo, ambayo hukazana zaidi yakilowa, huonekana mapema.

Kuhusu mkeka, tatizo hutokana na marumaru zenyewe. Mikeka yenye vikombe vidogo vya kujibana hushika vizuri kwenye marumaru laini zisizo na vipele, nayo huachia pale vikombe vinapoangukia kwenye mifereji ya saruji au kwenye marumaru za kukwaruza. Ndiyo maana nautanguliza mkeka mzito wa mpira wenye matundu, unaoshikilia kwa uzito wake na kuruhusu maji kupita chini. Uwe mrefu kiasi cha kubeba miguu yote minne, kwa kuwa ile ya nyuma ndiyo hutanuka kwanza, na mbwa akishahisi hivyo huanza kuparama ukutani. Zulia la kitambaa lenye mgongo mwembamba wa mpira ndilo la mwisho: likilowa sabuni huteleza pamoja na mnyama. Ujaribu mkeka kabla ya kumleta mbwa, kwa kuumwagia maji ya sabuni na kuusukuma kwa kisigino, nao usifunike tundu.

Paka hahitaji mkeka huo. Mwogeshe ndani ya beseni lililotandikwa taulo iliyolowa, ambamo kucha zake zitapata pa kushika. Maji ya uvuguvugu yafike tumboni tu, na beseni la pili liwe tayari kwa kusuuza. Yamwage maji hayo polepole kupitia chujio lilelile, kisha uyaokote manyoya kwa karatasi na kuyatupa kwenye pipa la taka, si chooni.