Nyasi, makuti, mafunjo au mabua ya ngano: ununue nini kuezeka banda Kisumu na Nakuru

Mfano tutakaoufuata ni banda la hoteli ndogo karibu na ziwa: nguzo zimesimama kwa upana wa mita 4 na urefu wa mita 6, na paa lina pande mbili. Ukiwa na kipimo tofauti, hesabu ni ileile.

Kabla ya kuuliza bei, amua mteremko, kwa sababu ndio unaoamua kiasi utakachonunua. Usikubali chini ya nyuzi 45. Namna rahisi ya kuupima ni hii: kutoka katikati ya banda hadi nguzo ya pembeni ni mita 2, basi mwamba wa juu uwe mita 2 juu ya vichwa vya nguzo. Wauzaji wengi watakushawishi uushushe ili uokoe nyasi. Ukumbuke kwamba kila tabaka hulalia lile la chini yake, hivyo unyasi wenyewe hulala bapa zaidi kuliko mbao zinazoushikilia. Ukiweka nyuzi 30, mabua yanakaribia kuwa sawa na ardhi, na maji badala ya kuteleza kuelekea upenuni yanafuata bua kuingia ndani. Kisumu hupata zaidi ya milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na paa la namna hiyo huoza likiwa bado changa.

Ongeza upenu wa sentimita 60 kila upande. Urefu wa mteremko sasa ni takriban mita 3.7, na mwamba una mita 7.2. Pande zote mbili zinafika mita za mraba 53. Kwa nyuzi 30 zingekuwa 43. Hizo mita 10 za tofauti ndizo unazolipia ili paa likauke.

Nafasi ya kwanza: nyasi ndefu zilizokomaa. Hizi ndizo tunazozipendekeza kwa Magharibi na Nyanza. Hupatikana karibu, hushindiliwa zikawa nene, na zikiezekwa vizuri hukaa kuliko zingine zote hapa. Zinunue Januari au Februari, wakati wa kiangazi, zikiwa zimekatwa baada ya kutoa mbegu na bua limekuwa gumu na la manjano. Fungua mzigo mmoja mbele ya muuzaji. Ingiza mkono katikati: pakiwa na joto au harufu ya uvundo, zilifungwa mbichi. Angalia pia majani. Majani mengi yaliyoshikamana na bua huoza kwanza na kuzuia maji yasishuke, na vichwa vya mbegu huita ndege na panya. Nyasi nzuri imechanwa kwa reki ikabaki bua tupu, na urefu wake ni angalau mita moja.

Unene uwe sentimita 20 zikiwa zimebanwa. Kwa banda letu hiyo ni mita za ujazo 10.6. Mzigo mmoja uliokazwa, wenye mzingo wa sentimita 60 katikati na urefu wa mita 1.2, una takriban mita za ujazo 0.034. Kwa hiyo unahitaji mizigo 310, na ukiongeza ya kuchambua na kufunika mwamba, agiza 350. Pima mzingo kwa kamba yako mwenyewe, maana "mzigo" wa muuzaji mmoja unaweza kuwa nusu ya mwenzake. Paa hili likikauka litakuwa na uzito wa takriban tani mbili, na likilowa litazidi. Mwambie fundi wa nguzo mapema.

Nafasi ya pili: makuti ya viungo, yale yaliyoshonwa kwenye kijiti. Ni mepesi, huezekwa haraka na yanapendeza machoni. Lakini hutoka Pwani, safari ya zaidi ya kilomita 800 hadi Kisumu, na mengine huvunjika njiani, hivyo yahesabu yakishushwa, si yakiwa juu ya lori. Kuti linalofunika sentimita 60, likiwekwa kila sentimita 15, linahitaji safu 25 za makuti 12 kila upande, yaani 600 kwa jumla. Agiza 660. Tumeyaweka ya pili kwa sababu ni membamba, hubadilishwa mapema kuliko nyasi, na moto huyapenda: hewa hupita kati ya majani, ilhali nyasi zilizoshindiliwa huungua polepole zaidi.

Mafunjo ya kinamasini ni ya tatu. Ndani yana sifongo inayonyonya maji, basi yafae kivuli cha msimu mmoja au miwili tu. Mabua ya ngano ya Njoro na Mau Narok ni ya mwisho, kwa kuwa mashine ya kuvunia huyaponda. Yakikatwa kwa mundu yakabaki mazima ni habari nyingine.

Kufunga ndiko kunakoharibu nyasi nzuri. Fito ziwe na unene wa sentimita 3 hivi, zikiachana sentimita 20 hadi 25. Ufito wa kwanza kabisa, ule wa upenuni, uinuliwe sentimita 3 kuliko wengine. Bila hivyo safu ya kwanza haikazwi, na upepo wa ziwani huanza kuifunua hapo. Laza nyasi upande mnene wa bua ukielekea chini, weka ufito wa kubana juu yake, kisha shona hadi ufito wa ndani kila sentimita 25. Safu inayofuata lazima ifunike mshono huo. Kazi ikiisha, simama nje utazame: ukiona kamba au ufito wa kubana popote, mvua itaingia hapohapo. Makuti hufungwa kila kijiti mara mbili, si kwa misumari, kwani msumari hupasua kijiti kisha hushika kutu. Tumia kamba ya katani au waya. Kamba ya plastiki huyeyuka mapema moto ukiwaka, na paa lote huwaangukia watu likiwa linaungua.

Kuhusu moto, jambo la kwanza ni jiko kuwa na banda lake la mabati. Nyaya za stima zipite ndani ya mabomba, viungio vyote viwe ndani ya boksi, na pasiwe na waya unaopenya kwenye nyasi. Ukiwa Muhoroni, Chemelil au Mumias, fikiria mashamba ya miwa yanapochomwa: majivu yenye moto husafiri na upepo, kwa hiyo weka tangi na mpira wa maji unaofika hadi mwamba, pamoja na upembo mrefu wa kuvuta nyasi chini. Kisumu, Kakamega na Kisii radi ni nyingi. Kizuia radi kiwe kwenye mlingoti wake kando ya banda, kisiguse paa, na kifungwe na fundi wa stima aliyesajiliwa.

Wauzaji wa dawa ya kuzuia moto wataahidi mengi. Dawa nyingi ni chumvi, na mvua huziosha. Omba sampuli, chovya mafungu mawili ya nyasi, yakaushe. Moja lioshe ndani ya ndoo ya maji siku nzima, likaushe tena. Kisha yawashe yote mawili kwa kiberiti, mbali na jengo. Lile lililooshwa likiwaka kama nyasi za kawaida, dawa hiyo itafaa upande wa ndani tu, mahali mvua haifiki.