Foliki asidi ya mg 5 na kliniki ya kabla ya mimba: uzoefu wangu

Hii nawaandikia mliopanga kubeba mimba, sio ambao tayari mnayo, maana hapo ndo mi nilipokosea mara ya kwanza. Nitaongelea vitu viwili nilivyotumia, vidonge vya foliki asidi vya mg 5 na ile kliniki ya ushauri kabla ya mimba, vinafanya kazi gani na wapi vilinichanganya.

Mimba yangu ya kwanza mtoto alikuwa na tatizo la fuvu, yaani sehemu ya juu ya kichwa haikuumbika na ubongo haukukaa sawa. Tuligundua kwenye ultrasaundi ya wiki ya 20. Alizaliwa, akaishi dakika chache tu. Sitasema zaidi hapo. Ila swali lililonitafuna baadae ni kwamba mbona nilikunywa vidonge? Nilianza kliniki nikapewa foliki asidi na madini ya chuma siku hiyohiyo na sikuruka hata siku moja, sa ilikuwaje?

Nilikuja kujibiwa karibu mwaka mzima baadae kwenye hiyo kliniki ya kabla ya mimba. Daktari alichukua kalenda akaniuliza tarehe za ile mimba ya kwanza, nikamwambia hedhi ya mwisho ilianza tarehe 1 Machi, mzunguko wangu ni wa siku 28. Akaanza kuhesabu na mi naangalia. Mimba ilitunga kama tarehe 15 Machi. Hedhi nyingine ningeiona tarehe 29 Machi, sikuiona, nikafikiri ni stresi tu. Sasa kuna kitu kinaitwa mrija wa neva, ndo unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, unaanza ukiwa bapa kama jani halafu kingo zake zinajikunja mpaka zikutane zishikane, unazibika kuanzia sehemu za kati kwenda juu na kwenda chini, na kazi yote inaisha kama siku ya 28 tangu mimba itunge. Kwangu mi ilikuwa karibu tarehe 12 Aprili. Ncha ya juu isipoziba ndo unapata kile kilichompata mwanangu, ya chini isipoziba ndo tunaita mgongo wazi.

Akaniuliza, ulipima lini mimba mama? Tarehe 20 Aprili. Kliniki ulienda lini? Tarehe 17 Mei, wiki ya 11. Akaweka kalamu chini. Yaani kidonge cha kwanza nilikimeza zaidi ya mwezi mmoja baada ya ule mrija kumaliza kuziba au kutoziba. Hata ningeenda kliniki siku ileile niliyopima bado ningekuwa nimechelewa kwa wiki nzima. Kile kidonge kilinisaidia damu na mambo mengine ila kwa hilo la mrija hakikuwa na la kufanya tena. Nililia pale ofisini, sio kwa sababu alinilaumu, hakunilaumu hata kidogo, alisema kabisa kwamba wapo wanaokunywa mapema na bado inatokea na wapo wengi wasiokunywa na watoto wao wako salama, nililia kwa sababu hesabu yenyewe ni fupi ivo na hakuna mtu aliyewahi kunifanyia.

Sasa nije kwenye vidonge, maana hapa ndo watu wengi wanapotea na mi nilipotea pia. Kabla sijaenda kwa huyo daktari nilikuwa nimeshajinunulia foliki asidi dukani, paketi imeandikwa 400 mcg. Mtu kaniambia wewe uliyepoteza mtoto kwa tatizo hilo unatakiwa ya 5, nikaangalia yangu ni 400, nikasema mbona yangu ni kubwa zaidi! Kumbe mcg ni mikrogramu, na mikrogramu 1000 ndo mg 1, kwahiyo 400 mcg ni mg 0.4 tu. Kile cha mg 5 ni zaidi ya mara 12 ya kile nilichokuwa nakunywa. Angalieni herufi baada ya namba jamani, sio namba peke yake.

Hiyo mg 0.4 sio mbaya, ndo dozi ya mwanamke wa kawaida anayepanga mimba, kila siku, kuanzia angalau mwezi mmoja kabla na wengi wanashauri hata miezi 3, mpaka wiki ya 12. Lakini mtu aliyewahi kubeba mimba yenye tatizo la mrija wa neva ana hatari kubwa ya kurudiwa kuliko mwanamke mwingine, ndo maana dozi yake ni nyingine. Daktari alinieleza kuna utafiti ulitoka mwaka 1991, walichukua wanawake wenye historia kama yangu, wengine wakapewa mg 4 kila siku kuanzia kabla ya mimba wengine hawakupewa, na waliopewa tatizo likapungua kwa asilimia 72. Sehemu nyingi kidonge kinachopatikana ni cha mg 5 ndo maana wanaandika hicho. Na sio sisi tu, dozi hiyo kubwa wanapewa pia mara nyingi wenye kisukari, wenye selimundu, wanaotumia baadhi ya dawa za kifafa, na ambao wao wenyewe au baba wa mtoto walizaliwa na tatizo hilo. Kwahiyo hata mume aulizwe upande wake. Wangu aliulizwa na alishangaa kidogo.

Nikamuuliza daktari, si nimalizie tu hivi nilivyonunua, ninywe vingi kwa wakati mmoja? Akasema ukifanya hivyo utameza vidonge 12 au 13 kwa siku ndo ufike, hiyo ni shida lakini sio hatari sana kama ni foliki asidi tupu. Hatari ni kwa wale wanaotumia vile vya maltivitamini za wajawazito, wakaongeza idadi ili foliki asidi iongezeke, maana humo ndani mara nyingi kuna vitamini A ya aina ya retinoli na hiyo ikizidi yenyewe inaharibu mtoto tumboni. Mi nilishaambiwa na muuzaji mmoja nimeze vitatu vitatu "vyote ni sawa tu dada". Sio sawa. Ukiandikiwa mg 5 chukua kidonge cha mg 5, kimoja, basi.

Kabla hajaniandikia alinipima damu, akaangalia na kiwango cha B12, kwasababu foliki asidi nyingi inaweza kurekebisha upungufu wa damu wakati B12 bado iko chini na neva zinaendelea kuumia kimyakimya. Akapima sukari, presha, na kinga ya rubela. Sikujua hivyo vyote vinafanyika kabla hata ya mimba.

Kitu kingine kilichonishangaza aliniambia nisiache uzazi wa mpango bado. Mi nilienda nikiwa na haraka kweli. Akasema foliki asidi inachukua wiki kadhaa kujaa kwenye chembe za damu, kwahiyo tutumie kondomu miezi 3 huku nakunywa vidonge kila siku ndo tuache. Tukafanya ivo. Nilishika mimba mwezi wa tano tangu nianze vidonge, na hiyo miezi miwili ya kusubiri sikuacha kunywa kwasababu huwezi kujua ni mwezi gani, ukiacha wiki mbili ukisema "mwezi huu haijashika" unaweza ukawa umeacha kwenye zile siku 28 zenyewe.

Kuhusu kidonge chenyewe: ni kidogo, rangi ya njano, hakina ladha, kichefuchefu siku za mwanzo kidogo nikahamia kunywa usiku kikaisha. Nilivyofika wiki ya 12 daktari akakisimamisha nikarudi kwenye kile cha mg 0.4 chenye madini ya chuma. Kama unaishi kwenye malaria usiendelee na mg 5 kwa kuzoea tu, kwasababu ile dawa ya kukinga malaria wanayopewa wajawazito kuanzia wiki ya 13, SP, inapunguzwa nguvu na foliki asidi ya dozi kubwa. Ile ya mg 0.4 haina shida nayo.

Wifi yangu ana kifafa na anatumia valproeti. Baada ya kunisikia alitaka kuacha dawa zake usiku uleule ili aanze foliki asidi. Nikamshika mkono nikampeleka kwa daktari wake kwanza. Ni kweli valproeti inaongeza hatari ya mgongo wazi na matatizo mengine kwa mtoto, na foliki asidi haiifuti hiyo hatari, lakini ukiacha ghafla degedege linaweza kukuua wewe kabla hata mimba haijawepo. Wakambadilishia taratibu kwa miezi kadhaa akiwa bado kwenye uzazi wa mpango, sasa hivi yuko kwenye dawa nyingine na mg 5 yake.

Nyota naipa kliniki 4 kati ya 5. Hiyo moja naitoa kwasababu hospitali niliyojifungulia mara ya kwanza ilinitoa bila karatasi yoyote inayosema mimba nyingine nianze dozi kubwa mapema. Nilipewa pole na tarehe ya kurudi kuangalia kidonda, basi. Karatasi ya mstari mmoja ingetosha, mi kufika kwa huyu daktari ilikuwa bahati tu. Na huku kliniki penyewe unatakiwa uombe, ukisema tu "nataka kupima afya" hawakupeleki huko, sema napanga mimba na mimba iliyopita ilikuwa na tatizo hili.

Ultrasaundi ya wiki ya 12 fuvu lilionekana, duara kamili. Ya wiki ya 20 yule mpimaji alishuka na mgongo pingili moja moja kutoka shingoni mpaka chini kabisa, anakaa kimya muda mrefu mi nimebana pumzi, afu akasema ngozi imefunika yote. Mtoto ana miezi 7 sasa. Nikitaka mwingine narudi mg 5 miezi 3 kabla, daktari alinisisitizia kwamba historia yangu haifutiki kwa sababu huyu amezaliwa mzima, tena nimeiandika kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, ukurasa wa mwisho, pale ambapo lazima nitaiona.